Miadi na Mawe

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukitaka kumwona mtu unakwenda kwake. Unapiga hodi, ukiitikiwa unaingia, usipoitikiwa unakaa barazani, na mwenyewe akichelewa sana jirani atakuletea kahawa ili usije ukaondoka na kinyongo. Kwa malezi hayo, nitamwelewaje mtu anayeniambia kwamba jengo la mawe, lenye umri wa karibu miaka 2,500, lisilo na mkazi ndani, lisilo na shughuli nyingine wala safari ya kwenda popote, litanipokea Jumatano saa 9 alasiri, na nikichelewa zaidi ya robo saa nimejitakia mwenyewe?

Nazungumzia Akropoli, kile kilima cha Athene chenye mahekalu juu yake, kubwa lao likiwa Parthenoni, ambalo Wagiriki walianza kulijenga mwaka 447 kabla ya Kristo. Sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kumsalimia mjomba wangu, mdogo wake marehemu mama, ambaye anaishi Pireo, bandari ya Athene, tangu enzi zile vijana wa pwani walipokuwa wakipanda meli za Wagiriki, wengine kama mabaharia na wengine kama mzigo usioandikwa kwenye daftari. Mjomba anasema yeye alikuwa baharia. Familia imekubaliana kutomhoji zaidi ya hapo.

Basi mama watoto, ambaye hawezi kufika mji wa watu akarudi bila picha ya kuwaonyesha wenzake wa kikoba, akasema ni lazima tupande Akropoli. Nikasema vizuri, kesho tukiamka tunakwenda. Binti yetu, aliyekuja kutoka Ujerumani anakofanya kazi, akanitazama kwa huruma ile wanayotutazamia watoto tukiwaomba watukuzie maandishi kwenye simu. "Baba, hapo haiendwi tu. Hapo unachukua zamu."

Akafungua simu. Unachagua siku, kisha zinakuja saa zenyewe zimepangwa moja chini ya nyingine: saa 2 asubuhi, saa 3, saa 4, mpaka jioni. Zilizojaa zimefifia kama maandishi ya kanga iliyofuliwa miaka kumi. Asubuhi yote ilikuwa imefifia. Kesho yake imefifia, keshokutwa imefifia. Zilizobaki zinang'aa ni za mchana wa jua kali, mwezi wa Julai, kwenye kilima cha mawe meupe kisicho na mwembe hata mmoja. Tukachukua Jumatano, saa 9 alasiri, watu wanne, euro 30 kila mmoja. Hakuna kurudishiwa hela. Jumla euro 120, na zikigeuzwa shilingi ni zaidi ya laki tatu, fedha ambayo kwetu unaweza kumpa mtu akakujengea choo.

Nataka kutenda haki kabla sijaendelea, kwa sababu jambo lenyewe lina sababu. Kiangazi cha mwaka 2023 watu waliokuwa wakipanda kilima kile walifika hadi 23,000 kwa siku, na nusu yao walikuwa wakija kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana. Sababu ni jua, na pia meli. Meli kubwa za watalii zinafunga gati Pireo alfajiri, zinashusha maelfu ya watu, mabasi yanawasubiri, na lazima warudi melini kabla haijang'oa nanga. Kila kiongozi wa msafara anawaza wazo lile lile: tuwahi Akropoli kabla ya joto na kabla ya wenzetu. Wote wakiwahi, hakuna aliyewahi. Matokeo yake ilikuwa foleni iliyoteremka kilima, na watu wakizirai kwa jua wakiwa bado hawajaliona hata hekalu moja.

Ndipo Waziri wa Utamaduni wa Ugiriki, Lina Mendoni, akatangaza utaratibu wa zamu, ukaanza tarehe 4 Septemba 2023. Kwa siku wasizidi watu 20,000. Siku inakatwa vipande vya saa moja moja. Saa ya kwanza, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 3, wanaingia 3,000. Saa inayofuata 2,000. Baada ya hapo idadi inapanda na kushuka kulingana na saa yenyewe. Ukishika tiketi una dakika 15 kabla ya wakati wako na dakika 15 baada yake.

Mama watoto, ambaye amehesabu michango ya harusi nyingi kuliko karani yeyote wa benki, akauliza hapo hapo: "Mbona saa ya kwanza wanaingiza wengi zaidi? Si ndiyo hiyo iliyokuwa inajaa?"

Tulikuwa jikoni kwa mjomba, na mezani kulikuwa na bakuli la zeituni, ambazo mjomba amezizoea kama sisi tulivyozoea korosho. Binti akachukua kokwa zilizokwisha kuliwa, akaziosha (nashukuru), akasema kila kokwa moja ni watu 500. Akavuta sahani tupu. "Hiki ndicho kilima alfajiri. Hakuna mtu." Akaweka kokwa sita: hao ndio 3,000 wa saa ya kwanza. Inapofika saa 3, sahani ina kokwa sita na hakuna aliyesongamana sana, kwa sababu wamekuta mahali pako wazi. Saa ya kwanza ina bahati ya kupokea watu bila kubeba mabaki ya saa iliyoitangulia.

"Sasa," akasema, "tuseme kila mtu anakaa saa moja tu." Saa ya pili akaweka kokwa nne, na akatoa sita zilizotangulia. Saa 4 asubuhi sahani ina kokwa nne, watu 2,000. Mama watoto akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tuseme kila mtu anakaa saa mbili." Akarudisha zile sita, akaweka nne juu yake, na safari hii hakutoa hata moja, kwa sababu hakuna aliyemaliza. Saa ile ile, tiketi zile zile, sahani ina kokwa kumi. Watu 5,000. Mara mbili na nusu zaidi, na mlangoni hakuna aliyevunja sheria yoyote.

Mjomba akaacha kutafuna. "Kwa hiyo wanahesabu wanaoingia," akasema, "lakini hawahesabu wanaokaa."

Hilo ndilo donda la utaratibu wote, na mjomba alilitia kidole kabla hajameza zeituni yake. Tiketi ya zamu inaamua utaingia saa ngapi. Haisemi utatoka saa ngapi. Lakini msongamano unaoukuta mle ndani unatokana na mambo mawili yakizidishwa: wanaingia wangapi kwa saa, na kila mmoja anakaa saa ngapi. Serikali imeshika la kwanza kwa mikono miwili. La pili limeachwa mikononi mwa watu kama mama watoto, ambaye picha moja tu inamchukua robo saa kwa sababu ya ushungi na upepo.

Ziko sehemu zimeamua kushika yote mawili. Kule Milano, Italia, kuna ukuta wa bwalo la chakula la watawa, kanisa la Santa Maria delle Grazie, ambako Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho miaka ya 1490. Pale unapewa dakika 15. Unaingia na kikundi kidogo, unapita milango ambayo mmoja haufunguki mpaka mwingine umefungwa, dakika zikiisha unatolewa na wengine wanaingia. Unaweza kuona ni ukali, mpaka ujue kwamba Leonardo hakufuata desturi ya kuchora kwenye lipu mbichi inayoinyonya rangi. Alichora juu ya lipu iliyokauka, na kazi ikaanza kubanduka mapema sana. Mafundi wamekaa zaidi ya miaka 20 wakiiokoa, wakamaliza 1999. Pale adui ni vumbi la nguo zako na unyevu wa pumzi yako, kwa hiyo wanakuhesabia mpaka pumzi. Na kwenye jumba la Borghese, Roma, zamu ni saa mbili, kisha nyote mnaombwa mtoke.

Akropoli haina paa wala mlango wa kukufungia. Pumzi yangu haiwezi kuharibu marumaru iliyoishi na moshi wa magari ya Athene. Kilichowasumbua pale ni watu kukanyagana langoni na kuzirai kwa jua, na dawa ya mambo hayo si lazima iwe ile ya Milano. Nadhani walifanya vema kutoweka muda wa kutoka. Fikiria askari akimwendea mama watoto kwenye hekalu la mungu wa kike, kumwambia muda wako umekwisha. Ugiriki ina matatizo ya kutosha.

Lakini kuna jambo moja siwezi kuwasamehe, nalo ni bei. Euro 30 saa 2 asubuhi, wakati kilima kina kivuli na upepo. Euro 30 saa 9 alasiri, wakati ukigusa jiwe unaungua. Euro 30 hata Januari, ilhali zamani wakati wa baridi walikuwa wanatoza nusu. Nani amewafundisha biashara? Nenda soko la samaki Feri, Dar es Salaam, uone. Changu wa alfajiri ana bei yake, na changu yule yule saa 10 jioni, macho yameanza kuwa na ukungu, ana bei nyingine, na muuzaji anakuita kwa jina la baba yako ili umwondolee. Hakuna aliyempa muuzaji yule tiketi ya zamu wala simu ya kufifisha saa. Bei yenyewe inawatawanya watu: mwenye haraka na fedha anakuja mapema, mwenye subira na sufuria kubwa anakuja jioni. Kama kweli nia ni kuwatoa watu asubuhi na kuwasogeza mchana, si uwape sababu ya kusogea? Badala yake anayekosa asubuhi anasogezwa kwa nguvu, analipa bei ya asubuhi, na kofia ananunua mwenyewe.

Binti akaniambia nisiwe mshamba, kwamba bei zikitofautiana maskini ndio watakaopewa jua. Nikamwambia maskini wako hapa mezani na tayari wamepewa jua, tofauti ni kwamba wamelilipia bei kamili. Mjomba hakuchangia. Yeye ana utaratibu wake: kuanzia Novemba hadi Machi, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kuingia ni bure, na kwa miaka mingi hajapanda kilima kile siku nyingine yoyote. Tiketi yake ya euro 30 niliyomlipia aliitazama kama mtu aliyeletewa maji ya kisima kwenye chupa.

Jumatano tulifika mapema, maana mjomba, kama baharia yeyote, anaamini chombo hakimsubiri mtu. Tukakuta wenzetu wa saa 9 wamejaa langoni, wote wakigombea kivuli cha ukuta mmoja. Na hapo nikaona ubovu mwingine ambao kokwa za zeituni hazikuutaja.

Hebu tupige hesabu. Katika wale 20,000, saa mbili za kwanza zimechukua 5,000. Kilima kikifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, zinabaki saa kumi kwa watu 15,000, yaani kwa wastani 1,500 kila saa. Ukiwagawa sawasawa ni watu 25 kwa dakika, na watu 25 kwa dakika, kwa lango lenye mashine za kusoma tiketi na walinzi wa kukagua mikoba, wanapita bila mtu kumkanyaga mwenzake. Lakini nani anagawanyika sawasawa? Tiketi ikiandikwa saa 9, hakuna mtu aliyewahi kufikiri "basi nitafika saa 9 na dakika 37". Kila mmoja anakuja saa 9 kamili, na wengi robo saa kabla, kwa hofu. Nusu yao wakijitokeza ndani ya dakika kumi za mwanzo, lango linapokea watu 75 kwa dakika, mara tatu ya lilivyopangiwa. Baada ya nusu saa walinzi wanapiga soga kwa sababu hakuna mtu. Kisha inakaribia saa 10, na wimbi lingine linaanza kupanda.

Kwa hiyo foleni ya siku nzima imevunjwa ikawa vifoleni vya kila saa. Ni nafuu, sikatai. Ila ukiwa ndani ya kifoleni chenyewe, jua limekukalia utosini, hiyo nafuu inakuwa ya kwenye takwimu tu.

Wajuzi wanatibu jambo hili kwa kufupisha zamu. Kule Granada, Hispania, kwenye kasri za wafalme Waislamu ndani ya Alhambra, zamu za kuingia ni za nusu saa. Zamu ikiwa fupi, wimbi linakuwa dogo, na lango linapumua. Lakini zamu fupi ina gharama yake, kwa sababu kadiri unavyombana mtu kwa dakika ndivyo wengi watakavyochelewa: basi limekwama, mtoto amebanwa na haja, mjomba amekutana na rafiki yake wa melini. Kila aliyechelewa ni ugomvi langoni, na ugomvi mmoja langoni unachelewesha watu 30 walio nyuma yake, ambao nao sasa wamechelewa. Kwa hiyo mwenye kupanga zamu anachagua kati ya mawimbi makubwa na magomvi mengi. Sijaona chaguo la tatu, na kama lipo basi litakuwa linafahamika na waandaaji wa maulidi, ambao huandika saa 2 usiku wakijua watu watafika saa 4.

Tulipita lango saa 9 na dakika chache, tukaanza kupanda. Marumaru ya njia ile imekanyagwa na vizazi vingi hivi kwamba inateleza kama sabuni, na mama watoto alipanda amenishika mkono kwa mara ya kwanza tangu harusi. Juu kuna Propilea, lile lango kuu la kale lenye nguzo, na pale ndipo penye shughuli. Kwenda Parthenoni unapita Propilea. Kurudi unapita Propilea. Wenye tiketi ya saa 9 wanapanda, wenye tiketi ya saa 7 na saa 8 wanashuka, na katikati ya ngazi kundi la watu kama arobaini limesimama tuli, kila mmoja ana kidude sikioni, wanamsikiliza kiongozi aliyenyanyua mwavuli uliofungwa, akiwaeleza historia ya ngazi walizoziziba.

Hapo ndipo kila mtu anapotaka picha. Ukigeuka nyuma unaona Athene yote mpaka baharini, ukitazama mbele nguzo zimekukalia kichwani, na hakuna binadamu mwenye simu atakayepita pale bila kusimama. Upande wa juu kuna walinzi wenye filimbi. Ukishika nguzo, filimbi. Ukikalia jiwe, filimbi. Mjomba aliegemeza kiganja kwenye ukuta ili apumue, filimbi, akajibu kwa Kigiriki maneno ambayo binti yangu alikataa kuyatafsiri. Lakini hakuna filimbi ya kusimama ngazini. Mtu anaweza kusimama pale mpaka aote mizizi.

Zamu haiwezi kutibu hilo. Inaweza kupunguza watu wa siku nzima, inaweza kuwasogeza kutoka asubuhi kwenda alasiri, lakini wakishaingia wote wanakwenda mahali pale pale, kwa njia ile ile, na kusimama kwenye ngazi ile ile. Uwanda wa juu nyuma ya Parthenoni ulikuwa na nafasi ya kutosha kuchezea bao. Msongamano wote ulikuwa kwenye ngazi chache. Ningekuwa mimi ndiye mwenye madaraka, kabla ya kumnunulia mtu kompyuta ya kugawa saa ningempa mlinzi mmoja filimbi ya ziada, akae pale Propilea, kazi yake ni moja: kiongozi yeyote akifungua mdomo ngazini, ampulizie.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi Jumanne usiku. Miaka ya karibuni Ugiriki imekuwa ikipata joto la kuua mtu, na siku zikizidi ukali wanafunga Akropoli saa za katikati ya mchana. Julai 2023 ilifungwa hivyo, na imefungwa tena viangazi vilivyofuata, kwa kawaida kuanzia adhuhuri au saa 7 mpaka saa 11 jioni. Ni uamuzi wa busara, maana hakuna mtalii anayestahili kufa kwa ajili ya nguzo. Lakini utazame ukiwa umeshika tiketi ya saa 9.

Utaratibu wa zamu unamwambia mtu: ondoka asubuhi, palijaa, njoo mchana. Joto linamwambia: ondoka mchana, pamefungwa. Chukua wastani wetu wa watu 1,500 kwa saa. Saa tano zikifungwa, watu 7,500 hawana pa kwenda. Zamani, kabla ya zamu, wangejibanza kivulini na kuingia jioni, ingekuwa vurugu lakini wangeingia. Sasa saa 11 jioni ina wenyewe, saa 12 ina wenyewe, na kila saa imejazwa mpaka kwenye mstari kwa sababu kujaza mpaka kwenye mstari ndiyo kazi ya mfumo. Hauna mwanya wa kuwameza waliomwagika. Ili uwe nao ingebidi wauze tiketi pungufu kila siku ya Julai wakingojea joto ambalo huenda lisije, na sijaona mwenye duka anayeacha rafu tupu kwa sababu ya mgeni ambaye huenda akaja.

Basi Jumanne yote niliangalia utabiri wa hali ya hewa kwenye simu kuliko rubani. Ilisema nyuzi 36. Mjomba akasema hizo ni za kawaida, hawafungi. Kufika saa 6 usiku ikasema 37. Nikamwamsha mama watoto. Akaniuliza kama nimemwamsha ili akapulizie kilima.

Hawakufunga. Na ili nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu, niseme kwamba ilipokaribia saa 11 jua lilianza kulala upande wa bahari, makundi ya meli hayakuwapo kwa sababu yalishaitwa melini, na mahali pale pakatulia. Kila kitu nilichokitolea jasho saa 9 kilikuwa kikitolewa bila jasho saa 11, kwa bei ile ile, kwa yeyote ambaye angebahatika na saa hiyo. Ukienda chukua saa 11 au 12 jioni; usisikilize watu wa asubuhi, watu wa asubuhi wote wamesikilizana.

Kilwa Kisiwani, ambako sisi tuna magofu yetu yenye heshima, unachukua kibali ofisini Kilwa Masoko, unatafuta mashua, unavuka. Hakuna zamu. Maji yakiwa yametoka sana utatembea kwenye tope na kujaza viatu, na nahodha akisema turudi mnarudi, hata kama picha haijaisha. Bahari imepanga saa zake kabla ya waziri yeyote. Sijui kama ningependa Kilwa wafike watu 20,000 kwa siku. Siku hiyo ikija nitakuwa wa kwanza kudai zamu, na wa kwanza kulalamika nikipewa ya saa 9.

Tukateremka, mjomba akiwa mbele kwa hasira ya filimbi. Karibu na lango tukapishana na wenye tiketi ya saa 11, wamepoa, wananukia sabuni. Bwana mmoja, kwa lafudhi yake Mkenya, alipotusikia tunaongea akachangamka, akatusalimu, akamshika mjomba mkono.

"Shikamoo mzee. Samahani, sisi ndio tunaingia. Huko juu wanakupa muda gani?"

"Marahaba. Hawakupi," mjomba akamjibu. "Kaa mpaka wafunge. Sisi tumeingia saa 9, na mpaka sasa hakuna aliyeuliza tumetoka lini."

"Na wale wenye filimbi?"

"Wale ni wa mawe. Watu hawawahusu."

Yule bwana akamgeukia mkewe, akamwambia afungue ule mfuko, wale maandazi hapa hapa kabisa, kwa sababu chakula hakiruhusiwi juu na hawashuki leo.